Ghulamu kwa Miguu, Mpanda Farasi Njiani

Swali la kazi likiletwa mbele ya karata za taroti, mara nyingi mwenye swali ni mtu anayesubiri. Ameshatuma maombi, ameshafanya usaili, ameambiwa "tutakupigia", na simu haijalia. Haulizi maisha yake yatakuwaje akiwa mzee. Anachotaka kujua ni kama kuna habari njiani, na kama ipo, ni ya namna gani. Katika karata zote za taroti, nane ndizo zinazosomwa kama jibu la swali hilo hasa: Maghulamu wanne na Wapanda Farasi wanne.

Taroti ina karata 78. Kati ya hizo, 22 ni karata kubwa zenye majina yake, kama Mnara, Jua na Gurudumu la Bahati. Zinazobaki, 56, hazimpi tabu mtu aliyekulia kwenye baraza la wacheza karata. Zina aina nne, kila aina inaanzia ree hadi kumi, kisha wanafuata watu wa ikulu. Hata majina ya aina tunayo. Kopa, uru, shupaza na pau tumeyapata kwa Wareno, ambao karata zao za zamani zilichorwa vikombe, sarafu za dhahabu, panga na fimbo. Picha za moyo na almasi tunazoziona leo ni za Kifaransa. Taroti imebaki na zile za zamani, kwa hiyo katika makala haya kopa ni kikombe, uru ni sarafu, shupaza ni upanga na pau ni fimbo.

Tofauti iko ikulu. Karata zetu za kuchezea zina watu watatu kwa kila aina: ghulamu, bibi na mfalme. Taroti ina wanne, kwa sababu kati ya ghulamu na bibi yupo mtu aliyepanda farasi. Huyo alitolewa katika karata za Kifaransa ambazo dunia nzima inazichezea sasa.

Ili kuelewa kwa nini hawa wawili wakawa wajumbe, inabidi tuwarudishe kwao. Karata zilifika Ulaya kusini katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu. Katika jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, zimehifadhiwa karata za Wamamluki wa Misri zenye aina zilezile nne, ila fimbo ni za mchezo wa polo, na ikulu yake ina mfalme, naibu wake na naibu wa pili. Waitalia wa kaskazini, katika majumba ya watawala wa Milano na Ferrara, waliongeza zile karata kubwa katika karne ya 15 wakapata mchezo mpya. Ulikuwa mchezo wa kujifurahisha. Kupiga ramli kulikuja baadaye sana. Ila waliochorwa kwenye karata walikuwa watu ambao wachezaji waliwaona kila siku. Ghulamu alikuwa kijana wa kutumwa: anasimama mlangoni, anapewa barua, anaipeleka kwa miguu, anarudi na jibu. Mpanda farasi ni mkubwa wake. Yeye hutumwa mbali, hubeba jambo zito zaidi, na akishatoka ni vigumu kumwita arudi.

Mwaka 1785, mjini Paris, mtu aliyejiita Etteilla alichapisha maelezo ya namna ya kutazamia kwa taroti, na biashara ya kutazamia ikashika kasi. Karata zinazotumika zaidi leo zilitoka London mwezi Desemba 1909. Arthur Edward Waite alitoa maelekezo na Pamela Colman Smith akachora. Maana za habari na ujumbe walizozikuta kwa waliowatangulia hawakuzitupa, lakini Smith alifanya jambo lililowasaidia sana wasomaji wa karata. Aliwapa wale farasi wanne miendo minne tofauti, na mabwana zao mandhari zinazosema. Ukizitazama vizuri hizo picha, nusu ya kazi ya kukariri imekwisha.

Tuanze na Maghulamu. Kanuni yao ni moja: ghulamu ni habari yenyewe, tena habari ndogo. Ni barua pepe, simu, tangazo ulilotumiwa na rafiki, fomu ya kujaza. Ukimpata, usitafsiri kwamba umepata kazi. Barua ya kukukatalia nayo ni barua, na yupo ghulamu anayeileta.

Ghulamu wa Pau amesimama jangwani akiitazama fimbo yake ndefu iliyochipua majani. Katika mambo ya kazi huyu ni fununu ya nafasi: mtu anasema mahali fulani wanatafuta watu. Hakuna mkataba wala mshahara uliotajwa, na fununu yenyewe isipofuatiliwa hunyauka. Ghulamu wa Kopa ana kikombe ambacho samaki ametokeza kichwa ndani yake na kumtazama usoni. Ni habari isiyotarajiwa, mara nyingi kutoka kwa mtu mnayependana: bosi wa zamani anakumbuka jina lako. Ghulamu wa Uru ameinua sarafu kwa mikono miwili, katikati ya konde lenye maua, na anaitazama kana kwamba hajawahi kuiona. Huyu ni mafunzo kazini, ufadhili wa masomo, kazi ya majaribio, malipo ya kwanza ambayo si makubwa.

Wa shupaza ndiye anayesomwa vibaya zaidi. Amesimama juu ya kilima penye upepo, upanga ameushika kwa mikono miwili, mwili unaelekea huku na uso unatazama kule. Wengi wakimwona husema "fitina kazini", wakaishia hapo. Mimi naona amesingiziwa. Maana zake za zamani ni ukaguzi, uangalizi na upelelezi, na katika ajira mambo hayo yapo wazi kabisa: mwajiri anawapigia wadhamini wako, anataka nakala ya cheti, anauliza kwa nini uliacha kazi ya mwanzo. Akitokea mahali pa "nini kinakuja", nasoma kwamba linakuja swali kabla ya jibu. Akitokea mahali pa "nifanye nini", basi mwenye kuuliza maswali ni wewe.

Kwa Wapanda Farasi, usianze na mtu. Anza na farasi.

Wa shupaza anakwenda shoti kukabili upepo, miti nyuma yake imepinda. Habari yake inafika ghafla na inataka jibu haraka: "unaweza kuanza Jumatatu?" Mwendo huo unaweza kuwa wa mwajiri aliyebanwa kweli, na unaweza pia kuwa wa mtu asiyetaka upate nafasi ya kufikiri. Wa pau farasi wake ameinua miguu ya mbele. Kuna nguvu nyingi, lakini bado hajaenda popote. Waite alimhusisha na kuondoka na kuhama makazi, kwa hiyo ukiuliza kazi naye akaja, uliza kama nafasi hiyo itakuhamisha mji. Wa kopa anakwenda taratibu, kikombe amekitanguliza mbele, kofia yake ya chuma ina mabawa, na mbele yake kuna mto. Huyu ni mwaliko, ni ofa yenye maneno mazuri. Ila mto haujavukwa.

Wa uru farasi wake amesimama. Ni mweusi, mnene, miguu yote iko chini, na mbele yake kuna shamba lililolimwa. Anayemsoma kwa haraka husema hakuna kitu. Kumbe ndiye mwenye habari ya kuaminika kuliko wote, sema haji leo. Aliyewahi kusubiri majina ya kuitwa kazini kutoka Sekretarieti ya Ajira pale Tanzania anamjua farasi huyu vizuri. Ni ajira ya kudumu yenye taratibu, mihuri na vikao, na kumpigia simu kila siku hakumfanyi atembee.

Sasa tutazame mfano. Nimeutunga mwenyewe, lakini hakuna jambo ndani yake lisilotokea. Binti wa Mombasa anafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ndogo. Wiki tatu zilizopita alihojiwa kwa simu ya video na wakala anayesema ana nafasi ya mapokezi katika hoteli kubwa Doha. Alisifiwa sana. Tangu hapo kimya. Anampigia shangazi yake aliyeko Leicester, ambaye alijifunza taroti huko.

"Shangazi, nitazamie kama hiyo kazi nimeipata."

"Hilo siliulizi, mwanangu. Nitauliza mambo matatu: jambo limefikia wapi, nini kinakuja, na wewe ufanye nini."

Shangazi ana sababu ya kubadilisha swali. Mtu wa ikulu kwenye karata anaweza kuwa habari, anaweza kuwa mtu halisi, na anaweza kuwa hali ya muulizaji mwenyewe. Msomaji asipoamua mapema ni lipi kati ya matatu, ataamua baada ya kuiona karata, na hapo atachagua linalompendeza. Nafasi ikiitwa "nini kinakuja", atakayeangukia hapo anasomwa kama habari. Ikiitwa "wewe ufanye nini", anasomwa kama mwenendo wa kuiga. Hiyo ndiyo kanuni inayozuia ubabaishaji mwingi, na inatakiwa iwekwe kabla karata hazijachangwa.

Karata zinachangwa, zinavutwa tatu. Ya kwanza ni Nane ya Uru: fundi ameketi kwenye benchi anachonga sarafu, moja baada ya nyingine. Ya pili ni Mpanda Farasi wa Kopa. Ya tatu ni Ghulamu wa Shupaza.

Nane ya Uru haina utata. Binti ana ujuzi, na usaili ulikwenda vizuri kwa sababu kazi anaijua. Ya pili ndiyo aliyoisubiri: ofa inakuja, na inakuja kwa adabu. Hapo binti anataka kushangilia, na msomaji asiye makini angemwacha ashangilie. Shangazi anatazama kilichobebwa na kisichobebwa. Farasi anatembea, kwa hiyo si leo wala kesho. Mkononi kuna kikombe, hakuna sarafu: maneno mazuri yapo, lakini kiasi cha mshahara, saa za kazi na nani atalipia malazi havionekani katika karata hii. Na ule mto bado uko mbele.

Ghulamu wa Shupaza anaikamilisha. Yuko mahali pa "ufanye nini", kwa hiyo hasomwi kama fitina wala kama mtu. Ni kazi aliyopewa binti: chunguza. Shangazi anamtajia mambo yenyewe. Jina la wakala liwemo katika orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira ya Kenya. Jina la hoteli liandikwe kwenye barua, na hoteli yenyewe ipigiwe kwa namba iliyopatikana kwingine, si ile aliyoitoa wakala. Mkataba usomwe kabla ya kusafiri, na mshahara uwe umetajwa kwa fedha ya Qatar pamoja na siku za mapumziko. Wakala akiomba ada itumwe kwenye simu yake binafsi, mazungumzo yasimame hapohapo.

"Kwa hiyo nimeipata au sijaipata?"

"Karata imesema utaletewa maneno matamu, na imekuambia usiyanywe kabla hujanusa."

Msomaji mkali atasema ushauri huo ungetolewa na shangazi yeyote mwenye akili, bila karata. Ni kweli, wala sioni namna ya kubishana naye. Karata ilichofanya ni kumlazimisha binti aliyejawa na tamaa atazame upande wa pili kwa dakika kumi. Kama wakala ni tapeli au si tapeli, karata haijui.

Na hapa kuna hesabu ambayo vitabu vya taroti huwa haviisemi. Karata za habari, Maghulamu na Wapanda Farasi, ni nane kati ya 78. Ukivuta karata tatu tu kutoka kwenye mkungu uliochangwa vizuri, uwezekano wa kupata angalau moja kati ya hizo ni kama 28 katika 100. Ukitumia mpangilio maarufu wa karata kumi, unafika karibu 68 katika 100. Maana yake, katika kila watu watatu watakaotazamiwa kwa karata kumi, wawili hivi wataambiwa "kuna habari inakuja", wawe wametuma maombi au wamelala nyumbani. Sasa mfikirie mtu aliyetuma maombi kumi mwezi huu. Habari yoyote ikimjia, hata ile ya "samahani, nafasi imejazwa", atakumbuka kwamba karata ilisema.

Kumbukumbu zetu zina upendeleo wa namna hiyo, na maneno mapana huupalilia. Mwaka 1948, mwalimu wa saikolojia nchini Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ameandikiwa yake peke yake. Wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, wastani wa alama ulizidi 4 kati ya 5. "Kuna habari ya kazi inakuja" ni maneno ya aina hiyo. Ndiyo maana nampendelea msomaji anayesema jambo linaloweza kukosewa: habari itakuja kwa maandishi, itauliza jambo, haitataja mshahara. Akikosea, angalau tutajua amekosea. Mwenye kutaka kujipima huandika tarehe, swali, karata na tafsiri yake siku hiyohiyo, kabla ya habari kufika, na hagusi alichoandika.

Makosa mengine hutokea mezani. Lililozoeleka ni kuvuta tena. Amekuja Mpanda Farasi wa Uru, mwenye swali hakumpenda kwa kuwa amesimama, basi karata zinachangwa upya mpaka aje anayekimbia. Kwa hesabu ile ya juu, atakuja tu. Kosa la pili ni kumsoma ghulamu peke yake. Yeye anasema habari ipo. Uzuri au ubaya wake unasemwa na jirani. Ghulamu wa Uru akikaa na Ree ya Uru, ule mkono unaotoka kwenye wingu ukiwa na sarafu, wasomaji wengi wanaona malipo yanaanza. Ghulamu huyohuyo akikaa na Tatu ya Shupaza, moyo uliochomwa panga tatu chini ya mvua, ni barua ya kukataliwa. Akitokea kichwa chini, Waite alimpa habari isiyofaa. Wasomaji wengi wa leo husema habari imechelewa au imekwama. Hapo mimi huanza na lililo rahisi, kwamba mtu akafungue kwanza folda ya taka kwenye barua pepe yake na ahakikishe namba ya simu aliyoiandika kwenye wasifu ndiyo anayoitumia sasa.

La tatu ni la muda. Vipo vitabu vinavyosema pau ni siku, kopa ni wiki, shupaza ni siku au miezi, na uru ni miaka, na kila kitabu kina orodha yake. Haziafikiani, kwa hiyo sizifuati. Mwendo wa farasi unatosha kukuambia lipi linakwenda upesi kuliko lipi, na hapo ndipo unapoishia.

Wapo wasomaji wa makala haya ambao dini zao zinawakataza ramli ya kila aina, iwe ya mchanga, ya vitabu au ya karata, na makala hii haiwaombi wabadilike. Picha za Smith zinaweza kutazamwa kama picha tu.

Kwa anayenunua karata zake za kwanza, liko la kuangalia dukani. Karata za Thoth, alizozichora Frieda Harris kwa maelekezo ya Aleister Crowley kati ya 1938 na 1943, zina ikulu nyingine. Hakuna mfalme, mpanda farasi ndiye mkubwa wao, chini yake yuko bibi, kisha mwana wa mfalme na binti mfalme. Katika karata hizo anayekwenda katikati ya nguvu kubwa na ujumbe mdogo ni yule mwana wa mfalme aliyeketi kwenye gari la kukokotwa, na nafasi ya ghulamu ameichukua binti mfalme. Mtu akichukua kanuni za farasi wanne nilizozieleza akazitumia kwa Thoth, atamgeuza bosi kuwa tarishi. Kabla ya kulipa, fungua kisanduku, tafuta karata zenye watu waliopanda farasi, na uhesabu kama kila aina ina mfalme wake pia.